Maziwa ya Harusi za Agosti

Hakuna aliyempenda Jovina Kokushubira pale kiwandani, na yeye hakujihangaisha kupendwa. Alikuwa mtu wa Bukoba, miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye sauti ndogo na tabia ya kuuliza swali lile lile mara mbili akiona jibu la kwanza halijanyooka. Alikuwa ameishi Kigali miaka mitatu. Kinyarwanda chake kilitosha sokoni na kwenye pikipiki, lakini hakikutosha kugombana, kwa hiyo ugomvi wake wote pale kazini ulifanyika kwa Kiswahili.

Kiwanda kilikuwa Kicukiro, mwendo mfupi kutoka makutano ya Sonatubes. Kilikuwa cha Madamu Cécile, mjane aliyezaliwa na kukulia Bujumbura, akarudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, na ng'ombe wachache wa marehemu mumewe, akajenga mpaka akafikia kusindika lita elfu sita za maziwa kwa siku. Sehemu ya maziwa hayo ilifungwa kwenye pakiti za maduka na za shule. Sehemu nyingine ilikuwa ya ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, na hiyo ndiyo iliyompa Madamu jina. Mnyarwanda anaweza kufunga ndoa bila keki, lakini kumposa binti wa mtu bila maziwa kuwekwa mbele ya wakwe, hiyo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuijaribu.

Kazi ya Jovina ilikuwa kukisia. Kila mwezi alitakiwa aseme watu watahitaji lita ngapi, wiki gani, kisha alinganishe na kile ambacho kiwanda kinaweza kutoa. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na Kenny, mkuu wa mauzo, kijana aliyelelewa Kampala, mcheshi, anayejulikana na kila mwenye ukumbi wa harusi mjini. Kenny alikuwa akikisia kwa kichwa. Alisimama mlangoni kwa Madamu, akataja namba, na Madamu akaikubali. Jovina alipoajiriwa, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuonyesha mkutanoni kwamba makisio ya Kenny ya Krismasi yalikosea karibu nusu, na kwamba maziwa ya siku mbili yalimwagwa kwa sababu hiyo. Alisema kweli. Lakini aliisema mbele ya watu saba, na tangu siku hiyo Kenny hakumwita tena kwa jina. Akizungumza na wengine alisema "yule wa hesabu".

Mwezi wa Mei Kenny alileta wazo lake la mwaka. Kiangazi ndio msimu wa harusi Kigali. Kuanzia Juni mvua zikikatika mpaka mwanzoni mwa Septemba, kila Jumamosi kuna mahema, na Agosti ndiyo kilele. Alitaka promosheni kubwa ya Agosti: matangazo ya redio mwezi mzima wa Julai, na kila atakayeagiza ikivuguto cha harusi afikishiwe bure mpaka kwenye hema. Madamu alimtaka Jovina aseme kama wataweza.

Jovina alikaa na tarakimu siku tatu. Upande wa uwezo haukuwa mgumu. Ikivuguto hakitengenezwi kwa haraka: maziwa yanachemshwa, yanapoozwa, yanatiwa chachu, kisha yanaachwa yagande kwa saa kumi na sita na zaidi, halafu yapoozwe tena ndipo yafungwe kwenye madumu, na tangi lioshwe. Kwa hiyo tangi moja ni mzunguko mmoja kwa siku. Walikuwa na matangi matatu ya lita mia nane. Wakifanya kazi mpaka Jumapili, wiki nzima inatoa lita elfu kumi na sita na mia nane. Maduka yenye mkataba yanachukua elfu nane. Harusi zinabakiwa na elfu nane na mia nane, wala haziwezi kuwekewa akiba ya mwezi mzima, maana ikivuguto hata kwenye chumba cha baridi huendelea kuchachuka.

Upande wa mahitaji alichukua mauzo. Wiki yenye harusi nyingi zaidi Agosti iliyopita waliuza lita elfu sita na mia tatu. Promosheni ya Pasaka ilikuwa imepandisha oda kwa asilimia arobaini, na wakati ule bidhaa ilikuwa tele, kwa hiyo alikiamini kipimo hicho. Akapandisha elfu sita na mia tatu kwa asilimia arobaini, akapata elfu nane na mia nane na ishirini. Namba mbili zikalingana kama ndugu. Akaandika kwenye karatasi: "Itatosha, iwapo tutafanya kazi Jumapili." Akatia sahihi.

Kenny alifurahi. Siku hiyo hata alimsalimia.

Wiki mbili baadaye, Jovina akiwa anapanga mafaili, aliitazama tena ile safu ya Agosti. Miaka mitatu mfululizo, wiki ya kilele: elfu sita na mia tatu, elfu sita na mia mbili na hamsini, elfu sita na mia tatu. Mji unakua, mtaa wa Kinyinya wote unajengwa, harusi zinaongezeka kila mwaka, halafu watu waagize lita zile zile? Mahitaji ya watu hayakai mahali pamoja namna hiyo. Kilichokaa mahali pamoja ni matangi. Miaka ile walifanya kazi siku sita, na siku sita, ukishatoa ya maduka, zinaacha lita elfu sita na mia nne. Alikuwa amepima ndoo akadhani amepima kisima.

Alishuka mapokezi kwa Mukasine, mama wa makamo aliyepokea simu za kiwanda tangu kilipofunguliwa. Akamuuliza kama Agosti iliyopita kuna watu waliopiga simu wakakataliwa.

"Wengi sana," Mukasine alisema. "Iko yote huku kwa daftari yangu."

Daftari hilo halikuwa la ofisi. Mwaka mmoja Madamu alimsingizia Mukasine kwamba hapokei simu, na tangu hapo Mukasine aliandika kila simu, jina, siku na alichoomba mtu, ili siku akishtakiwa tena awe na cha kujitetea. Jovina alikaa nalo saa nne. Kulikuwa na watu waliopiga mara mbili na tatu kwa harusi moja. Hao aliwafuta mpaka wakabaki mara moja. Mwisho wa hesabu, wiki ya kilele pekee, lita elfu mbili na mia sita ziliombwa zikakosekana.

Yaani watu walihitaji elfu nane na mia tisa, redio ikiwa kimya. Kiwanda kilikuwa kimejaa kabla hakijatangaza neno.

Baya zaidi, katika wiki hizo mbili Kenny alikuwa ameongeza utamu. Ofa mpya ilisema: ukiagiza lita mia, unapewa ishirini bure. Jovina akapiga hesabu upya kwa mkono, kwa sababu hakutaka kuiamini kompyuta. Elfu nane na mia tisa, ongeza asilimia arobaini, kisha kila mia ivute ishirini nyuma yake. Karibu lita elfu kumi na tano kwa wiki. Zinazoweza kutoka ni elfu nane na mia nane.

Mkutano ulikuwa Jumanne ya kwanza ya Juni, ofisini kwa Madamu. Walikuwa wanne: Madamu, Kenny, Jovina, na Silvère, fundi mkuu wa uzalishaji, mtu mkimya aliyenuka sabuni ya kuoshea matangi. Jovina alieleza yote, daftari la Mukasine likiwa mapajani. Hakuficha kwamba alikosea mara ya kwanza. Alisema mauzo si mahitaji. Kinapoisha kitu, mauzo yanaonyesha kile ulichokuwa nacho tu. Alipendekeza redio ihamishwe Juni na Septemba, wakati matangi yana nafasi, na Agosti kila Jumamosi iwekewe kikomo cha lita, oda zipokelewe mpaka kikomo, kisha basi.

Kenny alimsikiliza akitabasamu, kisha akazungumza na Madamu kana kwamba Jovina hayupo. Alisema Agosti shule zimefungwa, maziwa ya shule yanabaki, kwa hiyo maziwa yapo. Silvère akakohoa. Akasema maziwa yatakuwepo, ingawa kiangazi yanapungua. Kinachokosekana ni tangi la kuyagandisha. Tangi likiagizwa leo litafika Oktoba.

"Redio nimeshaongea nayo," Kenny alisema. "Wenye kumbi nimeshawaambia. Na karatasi iko hapa, amesaini yeye mwenyewe, itatosha. Sasa amesoma daftari ya mapokezi, anabadilisha. Kesho atasoma nini?"

Madamu aliivuta ile karatasi kwake. Hakuwa mwanamke mjinga, lakini msimu uliopita ulimchosha, na mtu anayekuja na namba mbili kwa mwezi mmoja anachosha zaidi.

"Wiki mbili zilizopita uliniambia itatosha," alisema. "Leo unaniambia haitatosha. Mimi nishike ipi?"

"Ya leo, Madamu."

"Na ile ya kwanza uliisaini ukiwa umelala?"

Kenny alicheka. Jovina aliona kwamba swali lilikuwa la haki. Promosheni ikapita kama ilivyo.

Julai yote redio iliimba. Kila Jumatatu Jovina alihesabu oda zilizoingia kwa kila Jumamosi ya Agosti, akazichora kwenye mstari, akamtumia Madamu na Kenny. Jumamosi ya kwanza ilivuka uwezo wa matangi kidogo; wakaipita kwa kukopa maziwa ya mgando ya madukani, na wenye maduka wakaja juu. Jumamosi ya pili ilikuwa jambo jingine. Hakuna aliyejibu barua pepe zake. Siku moja Kenny alimkuta kwenye korido akamwambia polepole, bila hasira hata kidogo, kwamba watu kama yeye ndio wanaofanya kampuni zife, wanaogopa wateja kuliko wanavyoogopa njaa, na kwamba kama kwao ni pole pole, hapa ni Kigali. Jovina alimjibu kwamba Kigali pia ina saa ishirini na nne kwa siku, na matangi yanajua hivyo. Wafanyakazi wawili walisikia. Hakuna aliyecheka.

Jumatano kabla ya Jumamosi hiyo ya pili, saa mbili asubuhi, oda zilikuwa lita elfu kumi na nne na mia mbili, zawadi zikiwemo. Silvère alikuwa ameendesha matangi bila kupumzika. Alithibitisha kwamba mpaka Ijumaa jioni, mgawo wa harusi utakuwa elfu nane na mia nane, hautazidi hata dumu. Pengo lilikuwa elfu tano na mia nne.

Jovina alipanda kwa Kenny, kwa sababu Madamu alikuwa Nyagatare kwenye vituo vya maziwa na simu yake haikushika. Kenny alikuwa na mpango tayari. Kila mteja apelekewe kama asilimia sitini ya alichoagiza. Wasiambiwe kabla. Wakiuliza, dereva aseme gari la pili liko njiani.

"Hakuna gari la pili," Jovina alisema.

"Wewe unajua, mimi najua. Jumamosi mchana watu wanacheza, nani atapima?"

Jovina alimwambia kwamba mtu akiambiwa Jumatano ana siku tatu za kutafuta maziwa kwingine. Akiambiwa Jumamosi mchana, wakwe wameshaketi. Alitaka waheshimu waliotangulia kuagiza, wapate kamili, na wa mwisho wapigiwe simu leo hii. Familia kama thelathini. Aliomba pia waelekezwe kwa viwanda vingine viwili ambavyo alishavipigia kuuliza kama vina nafasi.

Kenny akasimama. Alisema akithubutu kumpigia mteja hata mmoja na kumpeleka kwa washindani, atahakikisha hamalizi mwezi. Wateja ni wa mauzo. Namba za simu ni za mauzo. Kisha akachukua funguo za gari akaenda kukutana na mwenye ukumbi.

Jovina alikaa dakika chache kwenye kiti cha wageni ndani ya ofisi ile tupu. Alifikiria kibali chake cha kazi, kilichofungwa na kiwanda hiki. Alifikiria ile sahihi yake ya Mei. Kisha akashuka mapokezi.

Mukasine alisikiliza, akavaa miwani yake, akavuta orodha. Simu za Kinyarwanda zingekuwa zake. Jovina angewachukua wanaozungumza Kiswahili na Kiingereza. Hawakuomba radhi kwa maneno mengi. Walisema: hatutaweza kukuletea Jumamosi, kosa ni letu, malipo yako ya awali yatarudi, hivi hapa viwanda viwili vyenye nafasi, piga sasa kabla hawajajaa.

Mtu anayetukanwa mara moja huumia. Anayetukanwa tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri huanza kusikia matusi kama mvua kwenye bati. Bwana harusi mmoja alimwambia Jovina kwamba amemharibia maisha. Shangazi mmoja wa Kikenya alitaka jina kamili la Jovina, na la baba yake, akatajiwa yote mawili. Mwanamke mwingine aliuliza kwa unyonge kama kuna hata lita ishirini, za wazee tu, na Jovina akamwambia hapana. Hilo ndilo lililomwuma kuliko matusi yote. Angeweza kusema ndiyo. Lakini angemwambia ndiyo huyu, angemwambia nini yule wa kabla yake?

Wenye simu zisizopatikana walikuwa watatu. Mmoja wao, mzee Karangwa wa Busanza, aliusoma ujumbe wa Mukasine Alhamisi asubuhi, akaja mwenyewe. Alikuwa mrefu, kofia mkononi, koti la suti juu ya shati lisilo na tai. Alikuwa ameishi ujana wake wote Karagwe, mkoa mmoja na Bukoba, na Kiswahili chake kilikuwa kama cha Jovina. Aliposikia lafudhi ya Jovina alisita kidogo, na ikawa mbaya zaidi, kana kwamba aliyemkosea ni mtu wa nyumbani.

Aliweka risiti mezani. Lita mia moja na hamsini, na zawadi thelathini. Alisema hakuwa akitaka zawadi. Alisema alikuwa na mahali pake pa kununulia maziwa miaka yote, kwa mama mmoja jirani, na akamwacha huyo mama kwa sababu redio ilimwita.

"Nyinyi ndio mliniita," alisema. "Mimi sikuwafuata."

"Ni kweli, mzee."

"Mlijua lini kwamba hamna?"

Jovina angeweza kusema jana. Mukasine alikuwa akimtazama kutoka nyuma ya simu.

"Juni," alisema. "Mimi nilijua Juni."

Mzee Karangwa aliichukua risiti yake mezani. Hakupaza sauti. Alisema alikuwa amekuja akidhani ni ajali, tangi limepasuka au ng'ombe wameugua, na ajali mtu humsamehe mwenzake. Kisha akachukua karatasi yenye anwani za viwanda viwili, akaikunja mara nne, akatoka bila kuaga. Kwa mtu wa umri wake na malezi yake, kutoaga kulikuwa kama kofi.

Madamu Cécile alirudi Alhamisi hiyo mchana. Kabla hajaketi alikwisha kusikia kila kitu, kwanza kwa Kenny, kisha kwa shangazi wa Kikenya. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuipigia redio na kusimamisha tangazo. La pili lilikuwa kufuta lita za bure kwa oda zote mpya. La tatu, alimwita Jovina akamwambia arudi kazini na asiguse simu.

Jumamosi waliobaki walipata maziwa yao, kamili, na kwa wakati. Gari moja lilichelewa nusu saa Sonatubes kwa foleni, basi. Kati ya wale thelathini, Mukasine alifuatilia kimyakimya wiki iliyofuata: ishirini na wanne walipata kwingine, kwa bei kali, wawili waliahirisha, watatu hawakutaka kuzungumza naye. Mzee Karangwa alipata Kinyinya, akatuma gari mara mbili. Mukasine alipompigia alimjibu kwa adabu kwamba maziwa yalipatikana na asipigiwe tena.

Jumatatu wakaketi wale wale wanne. Kenny alikuwa amejiandaa. Alitoa ile karatasi ya Mei, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye sahihi. Akasema yeye ni mtu wa mauzo, aliuliza kama itatosha, akajibiwa itatosha, akauza. Baada ya hapo, mtu yule yule aliyekosea namba akawapigia wateja thelathini na kuwakabidhi kwa washindani kwa mkono wake. Katika nchi gani mfanyakazi anafanya hivyo na kubaki?

Jovina alisema namba ya Mei ni yake na kosa la Mei ni lake. Alipima mauzo akaita mahitaji, na mtu wa kazi yake hapaswi kukosea hilo. Lakini mnamo Juni alisahihisha, kwa mdomo na kwa maandishi, na lita za bure hazikuwemo kwenye karatasi yoyote aliyoisaini.

"Na simu?" Madamu aliuliza.

"Simu ningezipiga tena."

Silvère, ambaye hakuna aliyemwuliza, alisema akitazama mikono yake kwamba kama madereva wangetumwa na uongo wa gari la pili, yeye asingewapakilia. Kenny akamgeukia akamwambia kitu kwa Kinyarwanda, cha haraka, ambacho Jovina hakukipata. Silvère alikipata. Hawakuzungumza tena wawili hao mpaka mwisho wa mwaka.

Madamu Cécile alitoa hukumu yake Ijumaa, kwa barua. Kenny alinyang'anywa mamlaka ya kutangaza ofa yoyote bila kikomo cha lita kilichosainiwa na uzalishaji. Jovina alipewa onyo la maandishi kwa kuwasiliana na wateja bila idhini na kwa makisio yasiyo sahihi. Alitakiwa atie sahihi. Alisoma mara mbili, akasaini, na chini ya sahihi akaandika kwamba anakubali sababu ya pili, ya kwanza haikubali. Madamu alisoma maneno hayo mbele yake, akafunga faili.

"Ulifanya vizuri," alisema, "na sitaki mtu mwingine afanye hivyo kwenye kiwanda changu. Unanielewa?"

Jovina alisema hapana. Madamu akamwambia atoke.

Alibaki. Watu walishangaa, na wengine walikasirika, maana walishaanza kuzungumza juu ya nani atachukua meza yake. Alibaki kwa sababu kazi nyingine hakuwa nayo, na pia kwa sababu ilimkera kuondoka na namba ya Mei ikiwa ndiyo inayokumbukwa. Meza ya chakula cha mchana ilimkwepa. Vijana wa mauzo walipopita karibu naye walihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Yeye alikula na Mukasine mapokezi, simu ikilia katikati yao.

Daftari la Mukasine likawa la ofisi. Sasa kila oda iliyokataliwa iliandikwa, na sababu yake, na kila mwisho wa mwezi Jovina aliijumlisha kwenye mauzo kabla hajakisia chochote. Mwaka uliofuata redio ilisikika mwishoni mwa Mei na Juni, ikiwaita wanaooa mapema, kisha ikanyamaza. Kila Jumamosi ya Agosti ilikuwa na kikomo chake ukutani, kwa kalamu nyekundu. Tangi la nne lilikuwa limeshafika. Hapakuwa na mtu aliyekuja na risiti mkononi. Hapakuwa pia na mtu aliyemwambia Jovina ahsante, na barua ya onyo ilibaki kwenye faili lake. Aliomba iondolewe, akajibiwa kwamba barua haina shida pale ilipo.

Agosti hiyo dada yake Kenny aliolewa. Ofisi nzima ilialikwa, isipokuwa meza moja. Maziwa ya harusi Kenny aliyanunua kiwanda kingine, upande wa pili wa mji, kwa sababu oda ya hapa ingebidi ipitie mikononi mwa Jovina. Silvère, ambaye naye alialikwa, hakwenda. Mukasine alikwenda, na Jumatatu alisimulia kwamba maziwa yalikuwa mepesi na yaliisha kabla ya hotuba.

Jovina alifungua orodha ya Jumamosi ile akaitazama. Chini ya kikomo zilikuwa zimebaki lita mia nne ambazo hazikuchukuliwa na mtu, za kutosha harusi kama ile na zaidi. Aliziandika kwenye safu yake, akaendelea na Septemba.